Kitenzi peke yake hakipimi kipindi

Tangu mtaala mpya wa Tanzania uanze kutekelezwa Januari 2024, mabishano mawili hayaishi kwenye ofisi za walimu. Upande mmoja wanasema malengo ya kipindi yamekwisha kazi: muhtasari wa somo sasa unazungumza umahiri mkuu na umahiri mahususi, kwa hiyo habari ya "ifikapo mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze" ni mabaki ya zamani yanayoandikwa ili kumridhisha mthibiti ubora. Upande wa pili wanaendelea kuyaandika, lakini kwa imani kwamba lengo huanza kupimika pale "kuelewa" inapofutwa na "kueleza" kuwekwa mahali pake. Kenya nako, ambako mtaala wa umilisi umetangulia kwa miaka kadhaa, walimu wanabishana mambo yaleyale kwa istilahi nyingine. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na zimekosea jambo moja. Lengo la kipindi cha dakika 40 halipimiki kwa sababu ya kitenzi. Linapimika pale mwalimu anapoweza kusema, kabla hajaingia darasani, ni kitu gani ataona kwenye daftari la mwanafunzi dakika chache kabla ya kengele, na ni kipi akikiona atajua somo halijaingia. Kitenzi kinachoonekana ni sharti la kwanza tu, tena ndilo jepesi kuliko yote.

Tuanze na asili ya orodha ile ya vitenzi ambayo karibu kila aliyepita chuo cha ualimu anayo, imekunjwa ndani ya faili au imebandikwa ukutani. Kwa kawaida hutajwa kwa jina la Benjamin Bloom, aliyekuwa mtahini wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye pamoja na wenzake alichapisha mwaka 1956 mpangilio wa ngazi za malengo ya kiakili. Watu wale walikuwa watahini. Shida yao ilikuwa kupanga maswali ya mitihani ya vyuo ili mtu wa chuo kimoja aelewane na wa chuo kingine. Hawakukaa kuandaa kipindi cha Jumanne asubuhi chenye wanafunzi 70. Miaka sita baadaye, 1962, Robert Mager ndiye aliyelishughulikia lengo lenyewe la ufundishaji, akasema lina sehemu tatu: tendo ambalo mwanafunzi atalifanya, hali atakayokuwamo wakati akilifanya, na kiwango kitakachokubalika. Kilichotokea baadaye kinaeleweka. Katika sehemu hizo tatu, ya kwanza ndiyo iliyo rahisi kufundisha, kusahihisha na kubandika ukutani. Zile mbili zilizobaki zinataka mwalimu alijue somo lake na awajue wanafunzi wake, kwa hiyo zikaachwa njiani. Nimesoma maandalio mengi ya walimu walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Kitenzi huwa kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu na mkufunzi, lakini hali na kiwango mara nyingi havipo kabisa, na hakuna anayeuliza viko wapi.

Ili tusielee hewani, tuchukue kipindi kimoja cha Hisabati katika shule ya msingi: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Andalio la kawaida lingesema, "Ifikapo mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kuelewa ujumlishaji wa sehemu." Mkufunzi anakata "kuelewa" na kusema haionekani. Yuko sahihi. Mwalimu anaandika upya: "aweze kueleza jinsi ya kujumlisha sehemu." Sasa kitenzi kinaonekana, mkufunzi anaweka alama ya vema, na hakuna kilichobadilika. Kueleza kwa nani? Katika darasa la watu 70, wanaoeleza ni watatu waliokaa mbele, wale wanaonyoosha mkono kila siku. Hata kama kila mmoja angepewa dakika moja tu ya kueleza, kengele ingelia kabla wote hawajafikiwa. Zaidi ya hapo, mtoto anaweza kueleza vizuri sana, "tunatafuta kigawe kidogo cha shirika, halafu tunabadili, halafu tunajumlisha", kwa sababu ameyasikia maneno hayo mara sita ndani ya nusu saa, huku akipewa 2/3 + 1/4 anaandika 3/7 bila wasiwasi wowote.

Hapo ndipo kazi yenyewe ya kuandika lengo inapoanzia, na mimi hupendelea ianzie mwishoni. Kabla ya kuandika lengo, andika maswali utakayowapa. Tuseme ni matatu: 2/3 + 1/4, kisha 1/2 + 2/5, kisha 1/6 + 3/8. Sasa jiulize kila swali litakuonyesha nini. Katika swali la kwanza aliyeweza ataandika 8/12 + 3/12 na kupata 11/12. Aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini atapata 3/7. Aliyepata asili ya 12 akasahau kubadili viasi ataandika 3/12. Majibu matatu, hali tatu tofauti za kichwani, na unazitambua kwa kupitisha jicho, bila mtoto kufungua mdomo. Swali la pili limechaguliwa kwa makusudi mengine. Jibu lake ni 9/10, lakini anayejumlisha juu na chini atapata tena 3/7, ileile ya swali la kwanza, na 3/7 ni pungufu ya nusu. Mtoto ameanza na nusu, ameongeza kitu, amepata pungufu ya nusu. Hilo ni jambo la kumuuliza palepale, na mara nyingi swali hilo moja hufanya kazi ambayo maelezo ya ubaoni hayakuifanya.

Swali la tatu ndilo linalomlazimisha mwalimu kuamua kiwango. Mwenye kigawe kidogo cha shirika atatumia 24 na kupata 13/24. Mwingine atazidisha 6 kwa 8, atumie 48, afike kwenye 26/48. Je, huyu wa pili ameweza au hajaweza? Lengo lisilo na kiwango halina jibu, na ndiyo maana walimu wawili wanaofundisha mikondo miwili ya darasa moja hupeana matokeo yasiyolingana. Mimi ningesema ameweza, kwa sababu kipindi hiki ni cha kufanya asili zilingane, na kurahisisha sehemu ni kazi ya kipindi kingine. Mwalimu mwingine anaweza kukata tofauti na akawa na hoja yake. Cha msingi uamuzi ufanyike mezani, siku moja kabla, kalamu ikiwa mkononi na darasa likiwa mbali.

Baada ya hapo lengo linajiandika lenyewe: "Ifikapo mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti zisizozidi 10, ambazo jumla yake haizidi 1, akiandika mstari wa kubadili viasi, mifano ikiwa imefutwa ubaoni, na apate maswali mawili kati ya matatu." Ni refu, nakubali. Lakini tazama kila kipande kinavyolipa nafasi yake. "Zisizozidi 10" inazuia mwalimu asitumie dakika za mwisho kupambana na 7/18. "Haizidi 1" inaiondoa sehemu guni, ambayo ingeleta somo jingine katikati ya somo. "Akiandika mstari wa kubadili viasi" ndicho kipande ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu kinahamisha kipimo kutoka kwenye jibu kwenda kwenye hatua. Jibu huibwa kwa jirani kwa kutupa jicho, lakini mstari mzima wa kazi huonekana ukiibwa. Na "mifano ikiwa imefutwa" inatenganisha mtoto anayejua na yule anayenakili umbo la mfano akibadilisha namba.

Kiwango chenyewe nacho huandikwa vibaya kwa namna moja iliyoenea: "asilimia 80 ya wanafunzi waweze." Hilo ni lengo la mwalimu kuhusu darasa, na lina mahali pake anapoamua kusonga mbele au kurudia. Halimwambii mwanafunzi yeyote afanye nini ili ahesabiwe ameweza. Asilimia 80 ya kitu ambacho hakijaelezwa bado ni kitu ambacho hakijaelezwa.

Sasa saa. Dakika 40 kwenye ratiba si dakika 40 za kufundisha. Mwalimu aliyetangulia anachelewa kutoka, madaftari yanagawiwa, ubao unafutwa. Ukibaki na 35 umebahatika. Maswali matatu kama yale yanahitaji dakika sita hadi nane kwa mtoto wa wastani. Kwa hiyo una kama dakika 27 za kumtoa mtoto alipo hadi hapo. Zinatosha ikiwa tayari anajua kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Kama hajui, lengo hili ni la vipindi viwili, na hakuna uhodari wa kufundisha utakaolifanya liwe la kimoja. Kuna dalili rahisi ya lengo lililojazwa kupita kiasi: tafuta neno "na" kati ya vitenzi viwili. "Aweze kutafuta KDS na kujumlisha sehemu" ni vipindi viwili vilivyofungwa kamba moja. Muhtasari wenyewe unalisema hili kimyakimya kwenye safu ya idadi ya vipindi: shughuli moja ya ujifunzaji hupewa vipindi vingi. Wengi wetu huinakili shughuli hiyo kama ilivyo kwenye andalio la Jumatatu, tena la Jumatano, tena la Ijumaa, tukibadilisha tarehe tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema umahiri umeliua lengo la kipindi. Hoja yao, ikisemwa kwa uzuri wake, ni kwamba umahiri ni uwezo wa kutumia maarifa katika mazingira halisi, hujengeka taratibu, na kuukatakata kwa dakika 40 ni kuuharibu. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Hakuna mtoto anayekuwa mahiri wa kutatua matatizo ya kihisabati kati ya saa nne na saa nne na dakika 40. Lakini kutokana na ukweli huo wanatoa hitimisho la kinyume. Jambo likichukua majuma kadhaa kujengeka, ndivyo unavyohitaji zaidi kujua leo umeongeza nini. Muhtasari una safu ya vigezo vya upimaji, na vigezo hivyo vinasema mwisho wa safari kuna nini. Havisemi Jumanne ufike wapi. Hilo limeachiwa mwalimu, na asipolifanya yeye halifanywi na mtu. Mwalimu anayeandika umahiri mahususi kama lengo la kipindi hawezi kushindwa, kwa sababu hakuna siku lengo hilo lingeweza kutimia. Hawezi pia kujua kama amefaulu. Hoja hii naiona dhaifu kuliko zote zinazotolewa, na inashangaza kwamba ndiyo inayosikika zaidi kwenye semina.

Kenya ina toleo lake la tatizo hilo. Katika miundo ya mtaala wa kule, kila mada ndogo huja na matokeo maalumu yanayotarajiwa, na mara nyingi yako matatu au zaidi: moja la maarifa, moja la stadi, na la mwisho la mtazamo, ambalo huanza na "kuchangamkia" au "kuthamini". Matokeo hayo yameandikiwa mada ndogo nzima yenye vipindi kadhaa. Mwalimu anayeyahamisha yote kwenye andalio la kipindi kimoja anajiahidi kwamba katika kipindi hicho mtoto atatambua, atatumia, na juu ya hayo atachangamka. La mwisho linanipa taabu. Mtazamo upo na una thamani, lakini huonekana kwa kumtazama mtoto muhula mzima: je, anachagua kusoma bila kuamriwa, je, anarudi kwenye swali lililomshinda. Kuuandika kwenye kipindi cha leo kunazaa kitu kimoja tu, wanafunzi kupiga makofi mwishoni na mwalimu kuandika "wamechangamkia".

Hoja nzito dhidi yangu ni nyingine, na ina wazee wake. Mwaka 1967 Elliot Eisner, aliyetokea kwenye ufundishaji wa sanaa, alipinga wazo kwamba kila ufundishaji uanze na tabia iliyotajwa mapema. Lawrence Stenhouse wa Uingereza akaenda mbali zaidi mwaka 1975: elimu inayomwingiza mtu katika maarifa inafanikiwa kadiri matokeo yake yasivyotabirika. Mwalimu wa Fasihi anaielewa hoja hii bila kufafanuliwa. Ukiandika mapema kwamba wanafunzi "wataje dhamira tatu za hadithi", wataje watataja, na hadithi itakuwa imekufa. Vitenzi vinavyopimika kwa urahisi ndivyo vya chini: kutaja, kuorodhesha, kubainisha. Mwalimu aliyeshikiwa fimbo ya kupima atakimbilia huko, na kwa miaka mingi tumeona darasa zima likiimba majibu kwa sauti moja huku lengo likihesabiwa limetimia. Woga huu ni wa haki, nami siudharau.

Lakini angalia inachokipinga hasa. Inapinga kutabiri jibu. Haipingi kueleza mapema kazi nzuri itakuwa na sura gani. Mwalimu wa Fasihi anaweza kuandika: "mwanafunzi aweze kuandika aya moja yenye msimamo wake kuhusu uamuzi wa mhusika, akiutetea kwa matukio mawili ya hadithi." Msimamo ni wa mtoto. Wanafunzi 70 wanaweza kuwa na misimamo inayogongana na wote wakafikia lengo. Kinachopimwa ni kama utetezi upo na kama matukio yale yamo kweli ndani ya hadithi. Hilo linaonekana kwenye daftari kama ile 8/12 inavyoonekana. Ngazi ya fikra nayo haikai ndani ya kitenzi, ingawa orodha ya ukutani inatufanya tuamini hivyo. "Kulinganisha" imewekwa juu, lakini kama mwalimu alilinganisha ubaoni jana na mtoto ameandika yaleyale leo, huko ni kukumbuka tu. "Kutaja" imewekwa chini, lakini mwambie mtoto ataje kosa lililo kwenye hesabu ya mwenzake ambayo hajawahi kuiona, na atalazimika kufikiri sawasawa. Hali, ile sehemu ya pili ya Mager tuliyoiacha njiani, ndiyo inayoamua.

Zipo siku ambazo ningeacha kupima, nakiri: siku ya kulisikiliza shairi kwa mara ya kwanza, siku ya kutembelea bwawa la samaki kabla hamjafundishwa neno lolote. Ziwe chache na zitajwe kwa jina lake kwenye azimio la kazi.

Kuna wanaosema yote haya ni ya darasa la watoto 25. Kupima kila mtoto kila kipindi katika darasa la 70 hakuwezekani, na sidai hivyo. Ila lengo la aina niliyoonyesha ndilo linalorahisisha kupima wachache kwa maana. Ukijua unatafuta mstari mmoja tu, ule wa kubadili viasi, daftari moja linakuchukua sekunde tano au sita. Chagua madawati nane kabla ya kipindi, ya mbele, ya kati na ya nyuma, tofauti na ya jana. Wakikaa watatu kwa dawati una madaftari 24. Unayapita yote wakati wao wanafanya, huku ukiweka alama tatu kwenye karatasi: wamepata, 3/7, 3/12. Kwa vile wamebanana, anayekaa katikati mpe swali lake, kwa mfano 3/4 + 1/5, ambalo jibu lake ni 19/20, wa juu kwa juu hupata 4/9 na aliyesahau viasi hupata 4/20. Kosa ni lilelile, namba ni nyingine, na aliyechungulia anajifichua mwenyewe.

Anayekagua andalio pia ana sehemu yake, awe mwalimu mkuu, mkufunzi au mthibiti ubora. Kuhesabu vitenzi vilivyopigiwa mstari ni kazi nyepesi mno kwa mtu wa cheo chake. Aombe maswali ya mwisho wa kipindi yawe yameandikwa chini ya lengo, kisha afungue madaftari matano. Na akisoma safu ya tathmini mwishoni mwa andalio, ile ambayo kwa miaka imejazwa "somo limeeleweka vizuri" kwa wino uleule kuanzia Januari hadi Novemba, atarajie kukuta sentensi ya namna hii: "Madaftari 24: 13 wamepata, 4 wanajumlisha juu na chini, 7 wamepata asili lakini hawajabadili viasi, kesho dakika kumi za mwanzo ni za hao saba, na wale wanne nitawaanzisha upya na nusu na robo kwa vipande vya karatasi."